Ndiyo Isiyokuwa Ndiyo: Uhakiki wa Sarufi ya Barua Pepe za Kiingereza Ziandikwazo na Wasemaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika ofisi zetu nyingi kazi ya ndani hufanywa kwa Kiswahili, lakini barua ziendazo kwa wateja na washirika walio nchi za nje huandikwa kwa Kiingereza. Siku hizi barua hizo huenda kwa njia ya barua pepe. Mwandishi huandika mwenyewe, husoma mwenyewe, kisha hubonyeza na barua ikaondoka. Karani mkuu wa zamani, aliyekuwa akiipitia kila barua kwa kalamu nyekundu kabla haijatiwa saini, hayupo tena katika safari hiyo. Kwa hiyo makosa ambayo zamani yalikomea mezani sasa humfikia mwenye kuandikiwa.

Makosa haya yamekwisha kuzungumzwa sana, na maoni yaliyoenea ni kwamba chanzo chake ni mwandishi kufikiri kwa Kiswahili huku akiandika Kiingereza. Dawa inayotolewa ni fupi: "Acha kufikiri kwa Kiswahili." Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba utambuzi huo wa ugonjwa ni wa kweli kwa sehemu tu, na kwamba dawa yake haifai. Mtu hawezi kuamriwa aache lugha anayofikiria. Anachoweza kufanya ni kujua ni mahali gani hasa katika kitenzi cha Kiswahili ambapo maana hupotea inapohamishwa, na kukagua mahali hapo kabla ya kutuma.

Hatutatoa orodha ya makosa mia. Orodha za namna hiyo, zenye safu ya "si sahihi" na safu ya "sahihi", zinapatikana kwa wingi, na upungufu wake ni kwamba hazisemi sababu. Mwanafunzi hukariri jozi kumi na kukosea katika ya kumi na moja. Sisi tutachukua barua moja fupi na kuichambua hadi mwisho.

2. Barua yenyewe

Barua ifuatayo tumeitunga sisi wenyewe kwa ajili ya uhakiki huu. Makosa yaliyomo ni ya aina ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi ya kuhariri barua za ofisi atayatambua mara moja. Mwandishi ni katibu wa chama cha ushirika kinachouza mazao nchi za nje. Mnunuzi amemtumia fomu ya mkataba, na katika barua yake amemwuliza swali hili: "Have you not received our first payment?" Katibu anajibu:

```
Dear Madam,

Your letter I have received it yesterday. The form which
you prepared it has a mistake, so our Manager he has not
signed it. He has travelled up to Friday. The Chief
Accountant has checked the form and he agrees.

You asked about the first payment. Yes. We will send the
remaining cargo when we will receive it.
```

Sasa tuandike Kiswahili ambacho, kwa dhana yetu, kilikuwa kichwani mwa katibu:

"Barua yako nimeipokea jana. Fomu mliyoiandaa ina kosa, kwa hiyo Meneja wetu hajaisaini. Amesafiri hadi Ijumaa. Mhasibu Mkuu ameikagua fomu naye anakubali. Mmeuliza kuhusu malipo ya kwanza. Ndiyo. Tutatuma mzigo uliobaki tutakapoyapokea."

Msomaji ataona kwamba Kiswahili hiki ni safi. Hakuna sentensi inayosumbua, na hakuna jambo lililo na maana mbili. Hata ile "Ndiyo" iliyosimama peke yake inaeleweka kwa kila asomaye Kiswahili: malipo hayajafika. Lakini mnunuzi aliyeipokea barua ya Kiingereza ataelewa kwamba malipo yamefika, kwamba meneja ni mtu aliyewahi kusafiri, na kwamba mhasibu mkuu ni mwanamume. Mambo yote matatu si kweli, maana katika kisa chetu mhasibu huyo ni mwanamke. Basi hapa hatushughulikii uzuri wa lugha tu. Chama kinangoja fedha, na mnunuzi ameambiwa kwamba fedha zimefika.

3. Viambishi vilivyogeuzwa kuwa maneno

Tuanze na makosa yanayoonekana zaidi ingawa hayana madhara makubwa: "Your letter I have received it", "The form which you prepared it" na "our Manager he has not signed". Katika orodha za kawaida makosa haya matatu huwekwa katika vifungu vitatu tofauti. Kwa maoni yetu ni kosa moja.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake alama za kiima na za yambwa. Katika "Meneja wetu hajaisaini", nafsi ya meneja imo ndani ya kitenzi, na "i" ya fomu imo vilevile. Alama hizi hazimtaji meneja mara ya pili wala fomu mara ya pili. Kazi yake ni kukifunga kitenzi na nomino zake, yaani upatanisho wa kisarufi. Mwandishi anayehamisha kitenzi kipande kwa kipande huviona viambishi hivyo kana kwamba ni maneno kamili, akaipa kila alama neno lake la Kiingereza. Nafsi ikawa "he", na yambwa ikawa "it".

Katika "mliyoiandaa" jambo hili ni wazi zaidi. Kitenzi hiki kina alama mbili zinazoirejea fomu: "yo" ya kirejeshi na "i" ya yambwa. Kiswahili huruhusu zote mbili ziwepo, na mara nyingi huruhusu pia ile ya pili iachwe, kwa maana watu husema "fomu mliyoandaa" vilevile. Kiingereza huwa na nafasi moja tu. Neno "which" likiisha kuishika nafasi ya yambwa, "it" haina mahali pa kukaa. Zaidi ya hayo, msomaji wa Kiingereza hudanganyika njiani. Akifika "The form which you prepared it has a mistake" huelekea kudhani kwamba sentensi mpya imeanza katika "it has a mistake", na hulazimika kurudi nyuma kusoma upya.

Sentensi ya kwanza inahitaji maelezo kidogo zaidi. Kwa nini katibu aliitanguliza barua na kusema "Barua yako nimeipokea"? Kwa sababu barua hiyo inajulikana na wote wawili, nayo ndiyo inayozungumzwa. Kiswahili hakina kibainishi kama "the" cha Kiingereza, lakini hakikosi njia ya kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Kuitanguliza yambwa na kuiwekea kiambishi katika kitenzi ni mojawapo ya njia hizo. "Nimepokea barua" ni habari ya barua fulani tu. "Barua nimeipokea" ni habari ya ile tuijuayo. Katika Kiingereza kazi hiyo yote imekwisha kufanywa na neno "your". Kwa hiyo mfasiri hana haja ya kuihamisha "i". Amekwisha kuifasiri bila kujua.

Kanuni ya kukagulia ni rahisi. Kila penye "he", "she", "it" au "they" katika barua, mwandishi atafute ndani ya kishazi hichohicho nomino ambayo neno hilo linairejea. Nomino ikiwa imekwisha kushika nafasi ileile, ama kama kiima ama kama yambwa, neno hilo lifutwe. Ikiwa nomino hiyo iko katika sentensi iliyotangulia, neno libaki.

4. Hali ambayo Kiingereza huona kama tendo

Sasa tufike mahali pagumu zaidi. "Amesafiri hadi Ijumaa" ilifasiriwa "He has travelled up to Friday". Kila neno limefasiriwa, na hata hivyo maana haikufika.

Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, alikwisha kueleza kwamba kiambishi -me- huonyesha ama tendo lililokamilika ama hali iliyotokana na tendo hilo. Kazi hii ya pili ndiyo inayowaponza waandishi wetu. Tukisema "amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa kofia" au "duka limefungwa", hatusimulii tendo lililopita. Tunaeleza jinsi mtu au kitu kilivyo sasa. Yule aliyelala yuko usingizini wakati tunaposema. Katika Kiingereza umbo linalofanana na -me-, yaani "has" likifuatwa na kitenzi, mara nyingi halitoi maana ya hali hiyo. "He has slept" ni habari ya mtu aliyekwisha kupata usingizi wake, na pengine sasa yuko macho. Anayetaka kusema "amelala" hana budi kusema "He is asleep".

Ndivyo ilivyo kwa "amesafiri". Kiswahili kinasema kwamba meneja hayupo. Kiingereza cha katibu kinasema kwamba meneja ana uzoefu wa safari. Ushahidi kwamba katibu alikusudia hali, wala si tendo, umo katika maneno yake mwenyewe: "hadi Ijumaa". Tendo la kuondoka lilikwisha siku ileile aliyoondoka na haliwezi kupimwa hadi Ijumaa. Kinachoweza kupimwa hadi Ijumaa ni kutokuwapo kwake. Basi tafsiri yake ni "He is away until Friday".

Hapa tunapendekeza jaribio moja. Mwandishi akutanapo na -me- katika mawazo yake, ajiulize: je, naweza kuongeza "sasa hivi yuko hivyo" bila kuiharibu sentensi? Katika "amesafiri", "amelala" na "ofisi imefungwa" inawezekana, kwa hiyo Kiingereza chake kitatumia "is" na neno la sifa au la mahali: "is away", "is asleep", "is closed". Katika "ameikagua fomu" haiwezekani, maana hakuna hali ya kukagua inayoendelea. Hapo "has checked" inafaa kabisa, na katibu wetu hakukosea.

Jaribio la pili linahusu "nimeipokea jana". Wasemaji wengi husema hivi, ingawa walimu wengi wangependelea "niliipokea jana". Katika Kiswahili hitilafu hiyo, kama ni hitilafu, haimchanganyi mtu. Kiingereza sanifu ni kikali zaidi: wakati uliokwisha kutajwa na kufungwa, kama vile jana, juma lililopita au mwaka 2019, haukai pamoja na "have". Kwa hiyo mwandishi atazame kama sentensi ina neno la namna hiyo. Likiwapo, aandike "I received". Lisipokuwapo, "I have received" hubaki salama.

Tuongeze jambo moja kuhusu kukanusha. "Hajaisaini" ina maana ya kwamba saini inatazamiwa. Kiambishi -ja- kinabeba ndani yake neno "bado". "Has not signed" peke yake haimwambii mnunuzi kama meneja anangoja au amekataa, na katika barua iliyokwisha kutaja kosa la fomu mashaka hayo ni makubwa. Neno moja dogo, "yet", laiondoa shaka.

5. "Tutakapo" na "lini"

Sentensi ya mwisho ya katibu ilikuwa na "when we will receive it". Kiswahili chake ni "tutakapoyapokea", na kiambishi cha wakati ujao, -taka-, kimo waziwazi. Kwa kuwa mapokezi yenyewe hayajatokea, Kiswahili hudai wakati ujao katika vishazi vyote viwili. Kiingereza huuonyesha wakati ujao mara moja tu, katika kishazi kikuu, na kishazi cha wakati huachwa katika umbo la wakati uliopo: "when we receive it".

Walimu huifundisha kanuni hii kwa maneno "usitumie will baada ya when", na hapo huleta kosa jipya. Mwanafunzi mtiifu huandika "Please tell us when you come" akikusudia "tuambieni mtakuja lini". Mwenyeji wa Kiingereza huelewa kwamba anaombwa atoe habari akiisha kufika. Katika sentensi hiyo "will" ilitakiwa ibaki.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jibu limo katika Kiswahili chenyewe. Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza huyaita kwa neno moja. Kama Kiswahili cha mwandishi kina -po-, kama katika "mtakapokuja", basi "will" haiingii. Kama kina "lini", basi "will" hubaki. Vivyo hivyo kwa neno "kama". "Tutatuma mzigo kama mtalipa" yaweza kubadilishwa kuwa "mkilipa" bila kupoteza maana, basi Kiingereza chake hakina "will": "if you pay". Lakini "tujulisheni kama mtalipa" haiwezi kubadilishwa hivyo, kwa sababu "tujulisheni mkilipa" ni ombi jingine kabisa. Hapa "will" hubaki, na afadhali "if" iwe "whether". Huu ni mfano wa mahali ambapo kufikiri kwa Kiswahili, tena kwa makini, humsaidia mwandishi kuliko kanuni ya Kiingereza iliyokaririwa nusu.

Kuna tatizo la pili katika sentensi hiyo. "Tutakapoyapokea" ina "ya", ambayo ni alama ya malipo. Haiwezi kuwa alama ya mzigo, kwa sababu mzigo ungedai "u". Ngeli zetu humwonyesha msomaji kinachorejewa. Kiingereza kina "it" moja kwa vitu vyote, na katika barua ya katibu nomino iliyo karibu zaidi na "it" ni "cargo". Dawa si kutafuta neno jingine bali ni kuirudia nomino: "when the payment reaches us". Mwandishi wa Kiswahili huona urudiaji huo kuwa ni mzito, kwa kuwa katika lugha yake si wa lazima. Katika Kiingereza cha biashara ni uangalifu.

Upungufu wa namna hiyohiyo, lakini kwa upande wetu, ndio uliozaa "he" ya mhasibu. "Anakubali" haibagui mume na mke. Kiingereza hulazimisha uchaguzi, na mwandishi aliyeshughulika na jambo jingine huchagua "he" bila kufikiri. Hakuna kanuni ya sarufi itakayomwokoa hapa, kwa maana sentensi yenyewe ni sahihi. Lazima kila "he" na kila "she" isomwe tena pamoja na sura ya mtu anayetajwa. Pale ambapo mwandishi hamjui mtu huyo, arudie cheo chake.

6. Ndiyo

Tumeliweka mwisho kosa lililo fupi kuliko yote na lenye gharama kuliko yote.

Mnunuzi aliuliza: "Have you not received our first payment?" Katibu alifikiri: "Hamjapokea malipo yetu ya kwanza?" Jibu la Kiswahili ni "Ndiyo", yaani ndivyo ulivyosema, hatujapokea. Neno letu hulithibitisha swali lilivyo, pamoja na ukanusho wake. Anayetaka kupinga husema "Hapana, tumeyapokea" au "La, tumeyapokea". Kijapani nacho hufanya hivyohivyo, kwa hiyo jambo hili si ajabu ya Kiswahili peke yake.

"Yes" ya Kiingereza hailitazami swali. Hulitazama jambo lenyewe. Malipo yakiwa yamefika ni "Yes", yakiwa hayajafika ni "No", bila kujali swali limeulizwa kwa kukanusha au kwa kuyakinisha. Kwa hiyo katibu aliyesema kweli kwa Kiswahili amesema uongo kwa Kiingereza, na neno alilolitumia ni la kwanza kabisa alilofundishwa shuleni.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana kosa hili hujitokeza upesi, kwa kuwa mwulizaji huona uso wa mwenzake na kuuliza tena. Katika barua pepe halijitokezi. Mnunuzi hulipeleka jibu kwa mhasibu wake, mhasibu huliweka katika jalada, na pande zote mbili hungojana. Chombo cha kompyuta kinachopigia mstari tahajia mbaya hakitalipigia mstari neno "Yes". Mhariri anayesoma barua bila kuliona swali lililotangulia hatalishuku.

Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba katika barua ya kazi "Yes" na "No" zisisimame peke yake kamwe. Mwandishi aandike jambo kwa ukamilifu: "We have not received it." Aandikapo swali yeye mwenyewe, asiulize kwa kukanusha. "Have you received the form?" haina mtego kwa yeyote, awe Mswahili au Mwingereza.

7. Makosa yasiyokuwa yetu

Inatupasa sasa kukipa Kiswahili haki yake. Si kila kosa la Msemaji wa Kiswahili limetoka katika Kiswahili. Chukua "discuss about the price", ambayo husahihishwa kila siku kwa maelezo kwamba mwandishi alifikiri kwa Kiswahili. Kiswahili ni "kujadili bei". Kitenzi hiki huchukua yambwa moja kwa moja, bila kihusishi. Kama mwandishi angelihamisha neno kwa neno, angelipata Kiingereza sahihi! Kosa hili limo pia katika maandishi ya Wahindi na Wanaijeria wengi, ambao hawajui Kiswahili. Linatokana na Kiingereza chenyewe, ambacho husema "a discussion about" lakini hukataa "discuss about". Vivyo hivyo "informations", na vivyo hivyo "do the needful", ambayo si kosa la sarufi bali ni mabaki ya lugha ya ofisi za zamani, nayo hutumika sana India.

Tofauti hii ilikwisha kutambuliwa na wataalamu. Lado, mwaka 1957, alitilia mkazo ulinganishaji wa lugha mbili ili kubashiri mahali mwanafunzi atakapokosea. Corder, mwaka 1967, alionyesha kwamba makosa ya mwanafunzi hudhihirisha pia kanuni anazojitungia mwenyewe kuhusu lugha mpya. Sisi tungependekeza istilahi mbili ziwekwe mbalimbali katika madarasa yetu: *makosa ya uhamisho*, kwa yale yaliyoletwa na lugha ya mwandishi, na *makosa ya ndani*, kwa yale yaliyozaliwa na lugha anayojifunza. Usemi "Kiingereza cha Kiswahili", unaoyafunika yote kwa pamoja, uachwe. Unadharau, na tena haumsaidii mwalimu kujua pa kuanzia.

Mpaka kati ya aina hizi mbili si ukuta. "Please reply me" huweza kutoka katika "nijibu", ambapo "ni" ni yambwa. Lakini imeonekana pia kwa watu ambao lugha zao ni nyingine kabisa. Jaribio letu ni lile tulilolitumia katika "discuss about": andika Kiswahili chake kipande kwa kipande. Kikileta kosa, uhamisho unawezekana. Kikileta Kiingereza sahihi, tafuta sababu mahali pengine.

8. Barua iliyosahihishwa

Baada ya maelezo hayo, barua ya katibu yaweza kusomeka hivi:

```
Dear Madam,

I received your letter yesterday. The form you prepared
has a mistake, so our Manager has not yet signed it. He is
away until Friday. The Chief Accountant has checked the
form and she agrees that it needs correcting.

You asked about the first payment. We have not received
it. We will send the remaining cargo when the payment
reaches us.
```

Msomaji ataona kwamba hatukuipamba. Hakuna msamiati mpya mgumu, na mpangilio wa mawazo ni uleule wa katibu. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wahariri wengi hutumia kalamu yao mahali pasipostahili. Huzifuta salamu ndefu za mwanzo kwa kuziona za Kiswahili mno, hubadili "send" kuwa neno refu zaidi, kisha huiacha "Yes" ikaondoka na barua. Salamu ni adabu, na hakuna aliyewahi kupoteza malipo kwa ajili yake.

Kwa hiyo mwandishi asiyekuwa na karani wa kumkagulia atosheke na usomaji wa mara nne, kila mara akitafuta jambo moja tu. Mara ya kwanza afuate "he", "she" na "it", akiuliza kila moja inamrejea nani au nini, na kama nafasi yake haijashikwa tayari. Mara ya pili afuate "has" na "have", akiuliza kama alikusudia tendo au hali, na kama kuna siku iliyotajwa. Mara ya tatu afuate "when" na "if", akikumbuka -po- na "lini". Mara ya nne afuate "Yes" na "No", na kila aionapo iko peke yake aijazie sentensi. Barua ya aya mbili haihitaji zaidi ya dakika tano kwa kazi hiyo.

Walimu nao wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi: wanafunzi waandike kwanza barua kamili kwa Kiswahili, wavichanganue vitenzi vyake kiambishi kwa kiambishi, na ndipo waandike Kiingereza. Tungefurahi kupokea kutoka kwao, na kutoka kwa wafasiri walioko ofisini, mifano mingine ya sentensi ambazo Kiswahili chake ni safi na Kiingereza chake hupotosha, hasa zile zenye "kabla" na umbo la -ja-, kama "kabla hamjatuma", ambazo hatukupata nafasi ya kuzichambua hapa.